Stesheni Moja, Mahali Pawili: Siri ya Kilohezi 910

Kwa miaka mingi Sauti ya Tanzania Zanzibar ilijulikana na wasikilizaji wa mawimbi mafupi kwenye kilohezi 11,735, kutoka mitambo ya Dole, Unguja. Mwenye redio ndogo ya bei nafuu aliweza kuikuta hapo, kisha akirudisha mshale chini taratibu, akaikuta tena kwenye 10,825: taarab ileile, mtangazaji yuleyule, ila sauti imefifia na pengine inafuatana na mluzi. Mawimbi yaliyorushwa ni yaleyale ya 11,735. Hiyo ya pili ilizaliwa ndani ya redio yenyewe.

Toa 10,825 kwenye 11,735, unabaki na 910. Namba hiyo ni 455 mara mbili, na 455 ndiyo namba iliyobeba redio nyingi sana za AM duniani.

Antena hupokea stesheni zote kwa pamoja. Kazi ya redio ni kuchagua moja, kuikuza mara maelfu na kuzizuia jirani zake. Kazi hiyo ikifanywa kwenye frikwensi ya stesheni yenyewe, kila hatua ya kukuza na kila chujio itabidi vihame kwa pamoja kila unapozungusha gurudumu la kutafutia stesheni. Tena chujio la kupitisha kilohezi 10 tu kwenye 11,735 ni gumu mno kutengeneza, kwa kuwa upana huo haufiki hata sehemu moja ya elfu ya frikwensi inayochujwa.

Mwaka 1918 Edwin Armstrong, mhandisi aliyekuwa ofisa wa jeshi la Marekani mjini Paris, alikabiliwa na shida ya aina hiyo: valvu za wakati ule zilishindwa kukuza vizuri frikwensi za juu. Akaamua kuishusha kwanza ishara hadi frikwensi ambayo valvu ziliimudu, ndipo aikuze. Mfaransa Lucien Lévy alikuwa ameshasajili wazo la karibu na hilo mwaka 1917, na haki ya uvumbuzi ikagombaniwa kwa miaka. Redio za mtindo huo ndizo zinazoitwa supaheterodaini.

Kushusha huko kunafanyikaje? Mpiga udi anapokaza nyuzi mbili za jozi moja, zikikaribia kulingana bila kulingana kabisa, husikia sauti ikivimba na kunywea. Kasi ya kuvimba na kunywea huko ni tofauti ya nyuzi hizo mbili. Redio nayo hutafuta tofauti, ila kwa umeme. Ndani yake mna osileta, saketi inayozalisha frikwensi yake yenyewe, na gurudumu unalozungusha huihamisha ili daima iwe kilohezi 455 juu ya stesheni unayoitaka. Ukiweka 11,735, osileta iko kwenye 12,190. Ishara hizo mbili zikikutana katika transista ya kuchanganya, hutoka jumla yake na tofauti yake. Jumla huachwa, tofauti huchukuliwa: 455. Hiyo ndiyo frikwensi ya kati, nayo haibadiliki, usikilize stesheni yoyote ile.

Fungua redio ya transista ya zamani utaviona vikopo vidogo vya bati vyenye vichwa vya rangi. Chekundu kwa kawaida ni koili ya osileta. Cha njano, cheupe na cheusi ni vya frikwensi ya kati. Hurekebishwa kiwandani na kuachwa hapo. Kilohezi 10 ndani ya 455 ni kama sehemu mbili kwa mia, na upana wa namna hiyo unachujika bila shida kwa koili za kawaida.

Tatizo linaanzia kwenye hesabu ya kutoa. Mshale ukiwa kwenye 10,825, osileta iko kwenye 11,280. Stesheni ya 10,825 iko chini yake kwa 455. Lakini ya 11,735 iko juu yake kwa 455 vilevile. Kichanganyio hutoa tofauti tu, na tofauti haionyeshi imetoka upande gani wa osileta. Ishara zote mbili zinatoka zikiwa 455, zinapita vikopo vyote, zinakuzwa sawa. Hiyo ya upande usiotakiwa huitwa frikwensi taswira, na daima iko umbali wa mara mbili ya frikwensi ya kati kutoka kwenye stesheni unayoitafuta.

Kwa hiyo mahali pa kuizuia ni kabla ya kuchanganya, yaani kwenye koili ya antena na kapasita yake. Hapa ndipo mawimbi ya kati na mawimbi mafupi yanapotofautiana. Tuchukue koili moja yenye ubora wa kawaida, ule ambao mafundi huuita Q, wa 50. Ukisikiliza kilohezi 1,000, taswira iko kwenye 1,910, karibu maradufu, na koili hiyo huipunguza nguvu kiasi cha mara 69. Ukiwa kwenye 10,825, taswira iko kwenye 11,735, mbali kwa asilimia 8 tu, na koili ya ubora uleule huipunguza mara 8 tu. Mtambo wenye nguvu ukipunguzwa mara 8 bado unasikika vizuri, na ndiyo sababu redio ileile huwa safi kwenye mawimbi ya kati na kujaa vivuli kwenye mawimbi mafupi.

Utajuaje kama unachosikia ni taswira? Kwanza panda kilohezi 910 kutoka hapo ulipo. Ukiikuta stesheni ileile na ina nguvu zaidi, umeshapata jibu. Pili, sikiliza mluzi, kama upo. Mluzi wa stesheni mbili za kweli zilizokaribiana haubadiliki unaposogeza mshale kidogo, kwa kuwa zote mbili husogea upande mmoja. Taswira husogea kinyume na stesheni ya kweli, kwa hiyo mluzi wake hupanda au hushuka papo hapo.

Dawa ni kuisogeza taswira mbali kwa kuchagua frikwensi ya kati iliyo juu. Redio za FM hutumia megahezi 10.7. Mara mbili yake ni 21.4, na bendi ya FM, kutoka 87.5 hadi 108, ina upana wa 20.5. Osileta ikiwa juu ya stesheni, taswira zote huangukia nje ya bendi, kwenye frikwensi za ndege, na stesheni moja ya FM haiwezi kuwa taswira ya nyingine. Lakini kwa AM kupandisha tu hakutoshi, kwani juu huko kuchuja kilohezi 10 kunarudi kuwa kugumu. Redio nzuri za mawimbi mafupi hushusha mara mbili. Kwanza hupeleka ishara, tuseme, kwenye megahezi 55: osileta kwa 10.825 inakuwa 65.825, na taswira inaangukia 120.825, ambako chujio la kuzuia kila kilicho juu ya megahezi 30 huikata kirahisi. Kisha huishusha tena hadi 455, na hapo majirani wanachujwa.

Kwa redio ndogo ya kushusha mara moja, njia zilizopo ni chache. Punguza antena: waya mrefu wa nje huongeza taswira pamoja na stesheni, na unaweza kuizidia hatua ya kwanza. Au ongeza saketi ya kuchagua frikwensi kati ya antena na redio. Fundi asiguse vikopo vya njano, cheupe na cheusi kwa ajili ya tatizo hili. Ishara ikifika huko, taswira na stesheni zimeshakuwa frikwensi moja, hakuna chujio la kuzitenganisha. Atakachoharibu ni uwezo wa redio kuzitenga stesheni jirani.