Ahadi na Malipo: Namna ya Kuhesabu Mchango Ulioandikwa katika Kundi la Simu

Siku hizi mchango wa chama huanza mara nyingi katika kundi la WhatsApp. Mtu mmoja huandika orodha; anayefuata huinakili, huongeza jina lake na kiasi anachoahidi, kisha huirudisha kundini. Baada ya siku chache katibu huletewa skrinshoti, yaani picha ya kioo cha simu, akaombwa aeleze mambo mawili: jumla ni kiasi gani, na nani bado anadaiwa. Swali la pili ndilo zito. Mwanachama aliyelipa akitajwa kuwa mdaiwa huvunjiwa heshima mbele ya wenzake, na aliyeahidi bila kulipa akisahauliwa, wenzake hubebeshwa mzigo wake.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo kwa njia ya mfano. Chukuliwe chama cha wakulima wa mwani chenye wanachama Paje na Jambiani, ambacho mshika fedha wake anakaa Mji Mkongwe. Paa la ghala linavuja, na mwani mkavu ukinyeshewa hushuka thamani. Mabati hayana budi kununuliwa kabla ya mvua za masika, ambazo huanza mwezi wa Machi. Bei yake ni shilingi 600,000, na mwenye duka hatoi bati hata moja kabla ya kulipwa zote. Wanachama 8 wameahidi kuchangia. Hapa wanatajwa kwa nambari zao za daftari tu.

Picha yasemavyo

Orodha ya mwisho katika picha ina watu 7. Nambari 1 ameandika 100,000 na kutia alama ya vema. Nambari 2 ameandika "50" na vema. Nambari 3 ameandika 80,000. Nambari 4 ameandika 50,000 na kuongeza kwamba ametoa 30,000. Nambari 5 ameandika "100k". Nambari 6 ameandika 50,000 na vema. Nambari 7 ameandika 60,000. Chini yake pameandikwa: jumla 490,000.

Katibu mwenye haraka angekubali jumla hiyo. Angehesabu alama za vema na zile 30,000, akapata malipo ya 230,000, kisha angetangaza wadaiwa wanne: Nambari 3, 4, 5 na 7, wenye deni la 260,000. Hesabu yake ingekuwa sahihi kwa picha, na ingewadhulumu watu wawili.

Kuhesabu ahadi

Ahadi huhesabiwa peke yake, kabla ya kugusa malipo. Kosa lililo kubwa katika orodha za kunakili ni jina kupotea. Watu wawili wakinakili orodha ile ile kwa wakati mmoja, kila mmoja huongeza jina lake tu. Orodha inayofika nyuma huwa haina jina la yule aliyetangulia. Hakuna aliyelifuta kwa makusudi, lakini kila anayenakili baadaye huliacha vile vile.

Kosa hilo hutambulikana kwa urahisi. Katibu apande juu kundini hadi orodha ya kwanza, asome kila nakala kwa mfuatano, na atazame mstari wa mwisho wa kila moja. Nakala mbili zinazofuatana zikiwa na idadi sawa ya mistari lakini jina la mwisho ni tofauti, basi mtu mmoja amepotea. Ndivyo ilivyokuwa katika mfano huu: Nambari 8 aliahidi 70,000, na dakika ile ile Nambari 7 alikuwa akiongeza jina lake katika nakala ya zamani. Picha ya orodha ya mwisho peke yake isingeweza kuonyesha jambo hilo.

Kwa sababu hiyo picha moja haitoshi. Ujumbe mrefu pia hukatwa na simu, na sehemu iliyobaki hufichwa nyuma ya maneno `Read more`. Picha ikipigwa kabla ya kuyagusa, majina ya chini hayaonekani. Tena majina ya waandishi katika picha ni yale aliyoyahifadhi mwenye simu. Mtu mmoja aweza kuonekana "Mama Mwani" katika picha moja na nambari tupu katika picha nyingine, akahesabiwa mara mbili. Dawa yake ni kuandika kila ahadi mbele ya nambari ya daftari la chama, wala si mbele ya jina la simu.

Saa nazo zina mtego. Picha huonyesha saa ya mahali simu ilipo. Ujumbe ulioandikwa Paje saa mbili na robo usiku huonekana 20:15 katika simu ya Unguja, na 21:15 katika simu ya jamaa aliyeko Maskati, kwani Omani imetangulia kwa saa moja. Anayepanga picha za simu mbili asipokumbuka hilo, huweka nakala ya mwanzo kuwa ya mwisho.

Yabaki maneno yenye maana mbili. "50" katika orodha ya maelfu ni 50,000 bila shaka. Lakini Nambari 3, baada ya kuahidi 80,000, aliandika baadaye: "ongeza 100". Je, ni kuongeza laki moja juu ya ahadi, au kuifikisha ahadi laki moja? Hapo katibu hana ruhusa ya kukisia. Aliulizwa, akajibu kwamba ni kufikisha laki moja, na jibu lake likaandikwa pamoja na tarehe.

Baada ya marekebisho hayo, ahadi zote ni shilingi 580,000, wala si 490,000.

Kuhesabu malipo

Kundi ni shahidi wa ahadi. Si shahidi wa malipo. Alama ya vema haina uzito wa stakabadhi, kwa kuwa yeyote anayenakili orodha aweza kuitia au kuifuta. Shahidi wa malipo ni taarifa ya miamala ya simu ya chama, taarifa ya benki, na kitabu cha stakabadhi cha mshika fedha kwa fedha zilizotolewa mkono kwa mkono.

Katika mfano huu, taarifa ya simu ilionyesha 100,000 za Nambari 1, 30,000 za Nambari 4 na 40,000 za Nambari 8. Ilionyesha pia 50,000 zilizotumwa na mtu asiye mwanachama. Nambari 2 alipoombwa ujumbe wake wa muamala, nambari ya kumbukumbu ilikuwa ile ile: alitumia simu ya mwanawe. Fedha ya namna hiyo isiandikwe kwa kufananisha kiasi tu, kwani watu wengi hutoa 50,000. Nambari ya kumbukumbu ndiyo inayokata shauri.

Nambari 5, ambaye hakutia vema, aliingiziwa 150,000 na mwanawe aliyeko Maskati. Nambari 7 hayumo katika taarifa ya simu hata kidogo, lakini kitabu cha stakabadhi kina 60,000 zake alizompa mshika fedha mkononi. Kwa upande wa pili, Nambari 6 alitia vema na fedha yake haikuonekana popote. Ujumbe wake uliposomwa, ulisema muamala haukufanikiwa. Alitia alama kabla ya kusubiri jibu. Nambari 3 hajatoa kitu.

Yafaa ikumbukwe kwamba mwanachama huandikiwa kiasi kilichoingia kwa chama. Ada ya kutoa fedha hizo kwa wakala ni gharama ya chama, na huandikwa katika safu ya matumizi. Isikatwe katika mchango wa mtu, asije akageuka mdaiwa wa shilingi mia chache.

Kuweka pande mbili pamoja

| Nambari | Ahadi | Malipo | Deni | Ziada |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 100,000 | 100,000 | – | – |
| 2 | 50,000 | 50,000 | – | – |
| 3 | 100,000 | – | 100,000 | – |
| 4 | 50,000 | 30,000 | 20,000 | – |
| 5 | 100,000 | 150,000 | – | 50,000 |
| 6 | 50,000 | – | 50,000 | – |
| 7 | 60,000 | 60,000 | – | – |
| 8 | 70,000 | 40,000 | 30,000 | – |
| Jumla | 580,000 | 430,000 | 200,000 | 50,000 |

Safu ya deni na safu ya ziada zisichanganywe. Wengi hutoa jumla ya malipo katika jumla ya ahadi, wakapata 150,000, na kusema hilo ndilo deni. Si kweli, kwani ziada ya Nambari 5 imefunika sehemu ya madeni ya wengine. Tofauti hiyo si ndogo kwa chama hiki. Kwa hesabu ya 150,000, fedha zote zingefika 580,000 tu, pungufu ya bei ya mabati kwa 20,000, na halmashauri ingeitisha mchango mwingine pasipo haja. Kwa hesabu iliyo sawa, 430,000 zilizopo na 200,000 zinazodaiwa ni 630,000, na mabati yanapatikana.

Hata hivyo, ziada lazima iulizwe asili yake kabla ya kuandikwa moja kwa moja. Huenda mtoto aliyeko ng'ambo alimlipia mama yake na shangazi yake kwa mkupuo mmoja. Ingekuwa hivyo, deni la mwingine lingefutika na jumla ya fedha ingepungua. Katika mfano huu jibu lilikuwa kwamba ni nyongeza ya paa. Basi ahadi ya Nambari 5 ikapandishwa kuwa 150,000, ahadi zote zikawa 630,000, na ahadi kutoa malipo ikawa 200,000, sawasawa na safu ya deni. Hesabu isipolingana hivyo, kuna mstari ulioandikwa kimakosa, na hautafutwi katika jumla bali mtu mmoja mmoja.

Kutoa majina

Orodha ya kweli ya wadaiwa ni Nambari 3, 4, 6 na 8. Ikilinganishwa na ile ya picha, Nambari 5 na 7 wametoka, na Nambari 6 na 8 wameingia. Nambari 6 hakujua kwamba anadaiwa, na Nambari 8 aliona jina lake halimo orodhani akadhani ahadi yake haikupokelewa.

Kwa hiyo kila mdaiwa apelekewe kwanza ujumbe wake peke yake, wenye mambo manne: ahadi na tarehe yake, kiasi kilichopokewa, kilichobaki, na siku ya mwisho. Apewe siku tatu za kuleta ushahidi kama anapinga. Kundini itangazwe jumla tu: zilizoahidiwa, zilizopokewa, zilizobaki. Jedwali kamili lenye tarehe na saini za katibu na mshika fedha likae katika jalada la chama, pamoja na picha zote za kundi, kwa ajili ya mkaguzi na kwa mwanachama yeyote atakayetaka kuangalia mstari wake.

Ahadi ni deni, na mwenye deni ana haki ya kujua limehesabiwaje.