Kesho Niko Nyumbani: Saa Tatu ya Nani?

Nilipoanza kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, niliwahi kuandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Kesho nitafanyia kazi nyumbani. Nitapatikana saa 3 hadi saa 10." Niliona ujumbe umekamilika. Una siku, una mahali, una saa.

Kesho yake, saa 10 na nusu jioni, nilikuwa nimeshafunga kompyuta na kuiacha simu chumbani. Mwenzetu wa Kigali akapiga mara tatu. Dereva alikuwa getini bandarini, na namba moja kwenye nyaraka za mzigo haikulingana na ya kontena. Nilipoishika simu, ofisi ya kurekebisha ilikuwa imefungwa. Dereva akalala pale pale. Mwenzangu hakuwa na kosa. Kigali ni saa moja nyuma ya Dar, na kwenye saa yake ilikuwa saa 9 na nusu tu. Kwa hesabu yake nilikuwa bado na nusu saa kazini.

Tangu siku ile najua kwamba taarifa ya kufanyia kazi nyumbani ni ahadi ya saa. Watu wanakubali usionekane mezani kwa sababu umewaambia lini sauti yako itapatikana. Saa ikisomeka kwa namna mbili, umetoa ahadi mbili, na moja utaivunja bila kujua.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Huku karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, ndiyo maana tunahesabu saa tangu kupambazuka, na saa moja asubuhi ni 07:00. Tofauti ni saa sita daima. Tukizungumza wenyewe kwa wenyewe hatukosei. Tatizo huja pale timu inapokuwa na mtu aliyezoea hesabu ya Kiingereza. Akiona "saa 3" anaweza kudhani ni 15:00. Kalenda ya simu nayo haijui hesabu yetu kabisa: ukiiandikia 3:00, itakuweka kazini usiku wa manane.

Dawa yake ni kuandika saa kwa namna zote mbili na kutaja ni saa za mji gani. Kwa Kiswahili ongeza neno la wakati, yaani asubuhi, mchana, alasiri au jioni. Pembeni weka tarakimu za saa 24. Mtu akikosa kuelewa ya kwanza, ya pili itamsahihisha. Kama timu inatumia kalenda ya pamoja, weka muda huo humo pia, kwa tarakimu za saa 24. Kalenda humwonyesha kila mtu saa za mahali alipo, kwa hiyo mwenzako wa Kigali ataona 08:00 pale wewe ulipoandika 09:00, bila kupiga hesabu.

Neno "kesho" nalo lina mtego. Ukituma ujumbe saa 5 usiku, wengi watausoma asubuhi, na "kesho" yao itakuwa imesogea siku moja mbele. Taja siku na tarehe. Januari 2025, watumishi wa umma wa Dar es Salaam walipoelekezwa kufanyia kazi nyumbani wakati wa mkutano wa wakuu wa nchi kuhusu nishati, tangazo lilitaja tarehe zenyewe, 27 na 28. Hata timu ya watu watano inahitaji hivyo hivyo. Na tuma kabla wenzako hawajatoka kazini, ili mwenye karatasi ya kusainiwa akuwahi ukiwa bado mezani.

Kabla ya kulitaarifu kundi, zungumza na kiongozi wako peke yake. Kwake unaomba, kwa wenzako unataarifu. Ukiomba ruhusa mbele ya kundi zima, unamweka kiongozi mahali ambapo hawezi kusema hapana kwa utulivu.

Huu ndio ujumbe ninaoutuma siku hizi, mfano ukiwa wa Jumanne saa 9 alasiri:

"Habarini za mchana. Kesho Jumatano, tarehe 12 Novemba, nitafanyia kazi nyumbani. Kiongozi wetu ana taarifa. Nitapatikana saa 3:00 asubuhi hadi 6:30 mchana, na saa 8:00 mchana hadi 11:00 jioni, saa za Dar (09:00–12:30 na 14:00–17:00). Kigali, kwenu ni saa moja nyuma. Mambo ya kawaida niandikieni hapa, nitajibu ndani ya nusu saa. Kontena likikwama, nipigieni simu. Mhuri na nyaraka halisi za mzigo wa Kigali nimemwachia mhasibu."

Angalieni pengo la mchana. Zamani ningeandika "siku nzima", nikijua kabisa kwamba saa 7 nitakwenda kumchukua mtoto shuleni. Atakayenikosa saa hiyo ataanza kutilia shaka na saa nyingine. Nikilitaja pengo, anayenihitaji atanipata kabla au atasubiri. Sababu si lazima niieleze. Kinachowasaidia ni mipaka ya muda.

Angalieni pia sentensi ya mwisho. Kuna kazi ambazo haziwezi kwenda nyumbani nawe: mhuri, funguo za stoo, karatasi yenye saini ya wino. Usipotaja aliyebaki nazo, utapigiwa simu asubuhi yote kwa jambo usiloweza kulifanya.

Ujumbe ukishakwenda, hakikisha umefika. Kwenye kundi la WhatsApp alama mbili huwa za buluu pale tu wote wanapokwisha kuusoma. Zikibaki kijivu, fungua taarifa za ujumbe huo uone ni nani hajausoma, kisha mpigie. Na saa zikibadilika, usirekebishe ujumbe wa zamani. WhatsApp inaruhusu kuurekebisha kwa dakika 15, lakini simu ya aliyekwisha kuusoma haitalia tena, naye atabaki na saa za mwanzo. Andika ujumbe mpya, mzima, wenye saa zote.

Umeme nao una nafasi yake. Ukikatika, ruta huzima, na bando la simu laweza kuwa limekwisha siku hiyo hiyo. Kubalianeni mapema kwamba mtu akipotea mtandaoni atatuma meseji ya kawaida, ile isiyohitaji intaneti, kwa mtu mmoja ambaye atawaambia wengine. Mimi humtumia mhasibu: "Umeme umekatika, simu ya kawaida inapatikana." Saa nilizoahidi zinabaki zile zile, njia tu ndiyo imebadilika.

Jumatano ile mwenzetu wa Kigali alipiga tena. Kwake ilikuwa saa 9 na dakika 45 alasiri. Hakuuliza kama bado niko kazini. Alianza moja kwa moja na namba ya kontena, nami nilikuwa mezani, kwa sababu kwetu ilikuwa saa 10 na dakika 45, na ahadi yangu ilikuwa na robo saa mbele yake.