Kuurudisha Mti Uliopotea

Wanakompyuta huchora mti kichwa chini: mzizi juu, na katika mti wa uwili kila mzazi ana watoto wasiozidi wawili, wa kushoto na wa kulia. Husomwa kwa njia tatu zinazotofautiana kwa zamu ya mzazi tu: atajwe kwanza, katikati ya watoto, au mwisho. Kushoto hutangulia kulia daima.

Tuseme mchoro umepotea, orodha mbili zimebaki. Ya mzazi-kwanza ni K A T I B. Ya mzazi-katikati ni T A I K B. Herufi inayoongoza ya kwanza, K, lazima iwe mzizi. Itafute katika ya pili: kushoto kwake zipo T, A, I, kulia B peke yake. Basi A T I, zinazofuata K katika orodha ya kwanza, ni tawi la kushoto, na mkuu wake ni A. Katika ya pili, A imekaa kati ya T na I: hao ndio watoto wake. Mti umerudi, na kwa mzazi-mwisho unasomeka T I A B K.

Herufi ikijirudia, hujui K ipi ikate orodha. Na mzazi-kwanza pamoja na mzazi-mwisho hazitoshi: A B na B A zinaonyesha kwamba B ni mtoto wa A, lakini si upande aliopo.