Vyumba Viwili, Watu Watano

Baba, mama, mtoto wa miaka tisa, mwingine wa miaka sita, na kichanga cha miezi mitano. Familia kama hii, iliyotoka Kongo ikapewa makazi Texas nchini Marekani, ikiomba apatimenti ya vyumba viwili vya kulala huweza kujibiwa kwa mkato: hapa ni watu wawili kwa chumba, nyinyi mko watano, tafuteni ya vyumba vitatu. Wengi huondoka wakiamini kwamba sheria ndiyo imesema.

Sheria haikusema hivyo. Sheria ya Marekani ya haki katika makazi, ya mwaka 1968, ilirekebishwa mwaka 1988 ikakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto walio chini ya miaka 18, au kwa sababu ni mjamzito. Mwenye nyumba alibaki na ruhusa ya kuweka kikomo cha wakazi, ilimradi kiwe cha haki. Machi 1991 Frank Keating, mwanasheria mkuu wa wizara inayosimamia nyumba, aliandika waraka uliosema kwamba watu wawili kwa chumba cha kulala ni kiasi kinachokubalika kwa kawaida. Wenye nyumba wengi wameishika sentensi hiyo moja na kuyaacha yanayofuata.

Na yanayofuata ndiyo yenye uzito. Keating alitaka kutazamwe pia ukubwa wa vyumba, umri wa watoto, mpangilio wa nyumba, uwezo wa mifumo yake kama shimo la maji taka, na kanuni za mji husika. Alitoa mifano. Kumkatalia baba na mama wenye kichanga apatimenti ya chumba kimoja si sawa na kuwakatalia wazazi wenye kijana mkubwa. Watu watano kwenye vyumba viwili vikubwa vyenye sebule pana si sawa na watu watano kwenye nyumba ndogo ya kuhamishika.

Kwa hiyo kabla ya kuandika namba kwenye mkataba, mwenye nyumba achukue futikamba. Miji mingi ya Marekani hufuata kanuni za matunzo ya majengo zinazotaka chumba cha mtu mmoja kiwe na angalau futi za mraba 70, na kinacholala zaidi ya mmoja kiwe na futi 50 kwa kila kichwa. Tuseme chumba kikubwa kina futi 12 kwa 13, yaani 156. Kinatosha watu watatu. Cha pili kina futi 10 kwa 11, yaani 110, kinatosha wawili. Wazazi na kichanga huku, watoto wawili kule, na familia yetu imeenea. Sebule nayo ipimwe: kwa watu watatu hadi watano hutakiwa futi 120. Lakini nani alale na nani ni shauri la wazazi. Mwenye nyumba anayeanza kuuliza kama watoto ni wa kike au wa kiume amevuka mpaka wake.

Kikomo chenye hila hakifichiki sana. Kinahesabu watoto badala ya watu. Au familia imekataliwa kwa kuwa ni watu watano, na nyumba ya pili yake, yenye vipimo vilevile, wanaishi wanafunzi watano. Aliyekutwa na hayo ana mwaka mmoja wa kupeleka malalamiko wizarani.

Masharti ya nyumba hupimwa kwa jicho hilohilo. “Watoto wasicheze uani” ni sharti linalolenga familia, na linaweza kumfikisha mwenye nyumba mahakamani. “Mtu yeyote asicheze mpira kwenye maegesho ya magari” linamhusu kila mkazi na lina sababu inayoeleweka. Kelele za usiku, mahali pa kutupa taka, siku ambazo mgeni anaweza kulala kabla hajahesabiwa kuwa mkazi: yote yaandikwe kwa namna hiyo, na yatumike kwa wote.

Kwa watu wazima watupu, hesabu hubadilika kidogo. Texas, sheria ya jimbo inaweka kikomo cha watu wazima watatu kwa kila chumba cha kulala, isipokuwa katika hali chache. Hicho ni kikomo cha juu, na mwenye nyumba anaweza kuweka cha chini yake. Jambo linaloumiza zaidi ni saini. Vijana wanne wakisaini mkataba mmoja, kwa kawaida kila mmoja anadaiwa kodi yote, si robo yake. Mmoja akihama usiku, watatu waliobaki watalipa pengo lake. Na kama amesaini mmoja tu, wengine wakaingia kimyakimya, huyo mmoja anabeba deni na uharibifu wote, nao hawana mkataba wa kuwalinda. Ni salama zaidi kila mtu mzima anayelala humo aandikwe jina lake, kisha wenyewe waandikiane pembeni nani analipa kiasi gani, na atakayeondoka atatoa taarifa siku ngapi kabla.