Maandishi ya juu ya ukurasa: tuyanukuu au tuyaache?

Anayenukuu kurasa zilizopigwa picha hukutana mapema na swali hili: jina la ofisi lililochapwa juu ya kila barua, au jina la kitabu linalojirudia kila ukurasa, liandikwe tena na tena? Jibu linategemea kama maandishi hayo yanamweleza msomaji jambo ambalo hawezi kulipata kwingine.

Chukua barua isiyo na tarehe, iliyoandikwa kwenye karatasi ya serikali yenye jina Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Muungano ulizaliwa tarehe 26 Aprili 1964, na mwezi Oktoba mwaka huohuo nchi ikaitwa Tanzania. Kwa hiyo barua hiyo haikuandikwa kabla ya Aprili 1964. Kusema iliishia Oktoba ni vigumu zaidi, kwani ofisi huweza kumaliza karatasi za zamani kwanza. Mwenye kunukuu akiruka maandishi hayo kwa kuwa si maneno ya mwandishi, ameitupa dalili pekee ya wakati.

Tuseme barua hiyo ina kurasa tatu, zote kwenye karatasi ileile. Hapo kishawishi ni kunukuu jina la ofisi mara moja tu. Lakini ikiwa ukurasa wa tatu una jina la ofisi nyingine, huenda ukurasa huo ulichanganyika na barua isiyo yake, na aliyeacha kuangalia hatagundua. Basi nukuu jina hilo kila ukurasa, au andika kwenye mabano kwamba ni lilelile. Kalamu ikiwa imekata mji uliochapwa na kuandika mwingine, nukuu yote mawili, ukionyesha lililokatwa.

Kitabu kina hali tofauti. Jina la sura lililowekwa juu na mpiga chapa halimfai anayesoma mfululizo. Sentensi ikianzia ukurasa wa 24 na kuishia wa 25, jina hilo huingia katikati yake. Neno “wanafunzi” likikatwa mwishoni mwa ukurasa, nusu zake hutenganishwa na namba ya ukurasa, na anayelitafuta halipati.

Wikisource imetatua jambo hili kwa kugawa nafasi ya kuandikia sehemu tatu: juu, kati na chini. Yaliyo juu na chini huonekana ukiutazama ukurasa peke yake kando ya picha yake, lakini kurasa zikiunganishwa kuwa sura, hubaki ya kati tu. Mradi usio na nafasi hizo unaweza kuyatenga kwa alama moja, ili baadaye yaondolewe yote pamoja bila kugusa matini.

Kabla ya kuendelea na faili zima, unganisha kurasa mbili ulizonukuu na usome kuvuka mpaka wake. Sentensi ikikatizwa na jina la kitabu, hamishia maandishi hayo kwenye nafasi yake, usiyafute.