Kifurushi Kinapokataa Kwenye Raspberry Pi

Raspberry Pi ni kompyuta kamili iliyo kwenye ubao mmoja unaoenea kiganjani. Mfumo wake wa kawaida, Raspberry Pi OS, umejengwa juu ya Debian, hivyo programu nyingi huwekwa kwa amri ya apt bila taabu. Taabu huanza mtu anapopakua mwenyewe faili la .deb kutoka tovuti ya watengenezaji, na mashine ikamjibu:

```
package architecture (amd64) does not match system (armhf)
```

Faili ni zima. Limeundwa kwa ajili ya prosesa za Intel na AMD, na prosesa ya ARM haielewi maagizo yake. Kwa ubao wa namna hii tafuta faili lenye jina armhf, la mfumo wa biti 32, au arm64, la biti 64. Lenye neno all hukubaliwa na mfumo wowote kati ya hiyo.

Sasa utajuaje wako ni upi? Wengi huandika uname -m, na hapo ndipo wanapopotea. Amri hiyo hueleza kuhusu kerneli tu. Raspberry Pi 4 yenye mfumo wa biti 32 inaweza kuwa na kerneli ya biti 64, ikajibu aarch64, ilhali programu zake zote ni za armhf. Mwenye jibu la kuaminika ni dpkg:

```
dpkg --print-architecture
```

Kabla ya kupakua chochote, angalia kama apt inayo programu hiyo tayari. Tuchukue syncthing, inayolinganisha mafaili kati ya kompyuta:

```
sudo apt update
apt policy syncthing
```

Mbele ya neno Candidate pakiwa na namba ya toleo, kifurushi kinachofaa ubao wako kipo. Kiweke kwa sudo apt install syncthing. Ukilazimika kutumia faili ulilopakua, andika sudo apt install ./ ukifuatisha jina la faili, ili apt ilete na vifurushi vingine vinavyotegemewa.

Wenye Raspberry Pi ya kwanza kabisa, au Pi Zero ya awali, wana mtego wao. Prosesa zake ni za ARMv6, na armhf ya Debian yenyewe inadai ARMv7. Raspberry Pi OS imeviunda upya vifurushi vyake viendane na ARMv6, lakini ikabaki na jina lile lile la armhf. Kwa hiyo kifurushi kilichochukuliwa Debian moja kwa moja hupokelewa bila malalamiko, kisha programu hufa inapofunguliwa, ikiacha maneno Illegal instruction. Kwenye bodi hizo, chukua vifurushi katika hifadhi ya Raspberry Pi OS tu.

Na usishawishike kutumia --force-architecture. Dpkg itatoa onyo tu na faili litawekwa, lakini prosesa bado haitaweza kuiendesha programu hiyo.