Barua Pepe kwa Mwalimu Mkuu: Tarehe, Saa na Kiti cha Nyuma cha Basi

Katika shule nyingi za msingi Tanzania kuna daftari ambalo wazazi hawalifikirii kabisa: kitabu cha zamu. Humo mwalimu wa zamu huandika ya siku hiyo: nani kachelewa, nani kaugua, mgeni gani kafika, kina nani wamepigana. Karibu nacho kuna rejesta ya mahudhurio ya kila darasa, na kwa shule yenye mabasi, orodha ya watoto wa kila ruti. Mzazi anapomwandikia mwalimu mkuu kwamba mwanawe anaonewa, hayo ndiyo makaratasi yanayopaswa kufunguliwa kwanza. Barua inayoweza kulinganishwa nayo hufanyiwa kazi. Isiyoweza huishia kwenye "tutalifuatilia, mama".

Chukua sentensi ambayo wengi huanza nayo: "Mwanangu anateswa kila siku na shule mmekaa kimya." Uchungu wake ni wa kweli. Lakini mwalimu mkuu akifungua rejesta na kukuta kwamba mwezi huo mtoto hakuja shule siku tatu, "kila siku" imeshapata tobo, na yote yanayofuata yatasomwa kwa shaka. Zaidi ya hapo, aliyeambiwa amekaa kimya ataanza kujitetea kabla hajaanza kuuliza. Mzazi amempa kazi nyingine, ya kulinda jina la shule, na hiyo ataifanya kwa bidii kuliko ile aliyoombwa.

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka kumi, Darasa la Tano, katika shule ya kutwa ya Dar es Salaam. Ana kigugumizi kidogo. Anarudi nyumbani kwa basi la shule. Mama yake ameshaongea na mwalimu wa darasa mara moja, mambo yakatulia siku chache, kisha yakarudi na ubaya zaidi. Jumatano tarehe 5 Machi, baada ya kulala na hasira na kuamka nayo, anaandika hivi. Majina hayapo hapa.

"YAH: Mwanafunzi wa Darasa la Tano kuonewa kwenye basi, 11 Februari hadi 4 Machi

Mwalimu Mkuu, habari za kazi.

Mimi ni mama wa mwanafunzi wa Darasa la Tano B anayepanda basi la ruti ya Mbezi. Nakuandikia kuhusu mambo matatu yaliyompata ndani ya basi wakati wa kurudi nyumbani. Nimetenganisha niliyoyaona mwenyewe na aliyonieleza yeye.

Jumanne, 11 Februari: alifika nyumbani saa 11:40 jioni, mfuko wa shati umechanika. Anasema wavulana wawili wa Darasa la Saba walimnyang'anya shilingi 1,000.

Alhamisi, 20 Februari: alirudi bila daftari la Hisabati. Anasema wavulana haohao walilitupa dirishani huku wakiiga anavyoongea. Kesho yake asubuhi nilimweleza mwalimu wa darasa getini. Siku hiyohiyo wavulana waliitwa wakamwomba msamaha mbele ya darasa. Nashukuru kwamba hatua ilichukuliwa upesi.

Jumanne, 4 Machi: alifika saa 11:50 jioni akiwa amevilia damu mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Anasema walimbana kwenye kiti cha nyuma wakamfinya na kumwambia, 'Kasemee tena.' Picha niliyopiga jioni hiyo nimeiambatisha. Hakula chakula cha usiku, na leo asubuhi ameomba asipande basi.

Mimi sikuwemo kwenye basi, na sijazungumza na wavulana hao wala wazazi wao. Majina aliyonitajia nitakupa kwa simu au tukionana.

Naomba tukutane kabla ya Jumatatu, tarehe 10 Machi. Kuanzia kesho naomba akae kiti cha mbele, karibu na mtu mzima, hadi jambo hili lichunguzwe. Naomba pia asihojiwe mbele ya wavulana hao. Siombi mtu achapwe. Naomba jambo hili likome.

Namba yangu ya simu ni ileile iliyo kwenye fomu ya usajili. Asante, Mwalimu."

Ni barua fupi, na mtu anaweza kudhani imekosa uzito kwa kuwa haina hata neno moja la ukali. Uzito wake uko kwenye neno "anasema". Kila jambo ambalo mama hakuliona limebebwa na neno hilo, na kila aliloliona, yaani mfuko uliochanika, daftari lililokosekana, mkono uliovilia damu, limesimama peke yake. Siku wazazi wa wale wavulana watakapoitwa na kusema "wanetu wamesingiziwa", mwalimu mkuu hatakuwa na kauli ya mama ya kuitetea. Atakuwa na maswali ya kuuliza: nani alikaa wapi siku hiyo, nani aliona daftari likitupwa. Basi lina watoto zaidi ya watatu.

Majina ya wavulana kutoandikwa kuna sababu yake pia. Sanduku la barua pepe la shule mara nyingi hufunguliwa na sekretari, na barua huweza kuchapwa na kulala mezani. Wale nao ni watoto, na bado hawajasikilizwa. Hata hivyo jina lisipotajwa kabisa uchunguzi hauna pa kuanzia, ndiyo maana mama ameahidi kulitoa kwa mdomo. Mzazi mwenye hakika kwamba barua inafika kwa mwalimu mkuu moja kwa moja anaweza kuyaandika.

Maneno mawili, "Kasemee tena", yameandikwa kama yalivyosemwa, na ndiyo yenye habari kubwa kuliko yote humo. Yanaonyesha kwamba tukio la tatu ni kisasi cha ule msamaha. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyezaliwa Sweden na kufanya kazi Norway, alianza kuchunguza uonevu wa shuleni katika miaka ya 1970, na mpaka leo watafiti wengi hutumia vigezo vyake vitatu: kuna nia ya kuumiza, jambo linarudiwa, na nguvu hazilingani, kiasi kwamba anayeumizwa hawezi kujitetea kwa urahisi. Ugomvi wa watoto wawili wa rika moja kuhusu mpira hauna kigezo hicho cha tatu. Huo unaweza kumalizwa kwa kupeana mikono. Wavulana wawili wa Darasa la Saba dhidi ya mmoja wa Darasa la Tano ni jambo jingine. Ukiwasimamisha waombe msamaha mbele ya darasa, umewaaibisha walio na nguvu, kisha jioni umewapakia basi moja na mnyonge wao. Mwalimu wa darasa alitenda kwa nia njema, na mama hakumlaumu. Ameweka tarehe ya msamaha na tarehe ya mkono kuvilia damu kwenye karatasi moja, inatosha.

Viboko navyo vina tatizo hilohilo. Vinaruhusiwa bado kisheria katika shule za Tanzania, kwa masharti, na wazazi wengi wangeona ndiyo dawa ya haraka. Lakini mtoto akichapwa kwa sababu ya kauli ya mwenzake, mwenzake ndiye atakayelipa, na atalipia mahali ambapo hakuna mwalimu.

Sasa turudi kwenye zile tarehe. Jumanne, Alhamisi, Jumanne. Mama ameziandika kwa sababu ndizo siku mambo yalipotokea. Hajui zina maana gani. Mwalimu mkuu wa mfano wetu anajua akiziona tu. Jumanne na Alhamisi ndizo siku Darasa la Saba wanabaki kwa masomo ya ziada, na Darasa la Tano wanabaki kwa michezo. Wote huondoka na tripu ya pili. Matroni wa basi huenda na tripu ya kwanza, yenye watoto wadogo, na akishuka huko harudi. Kwa hiyo mara mbili kwa juma basi hutembea zaidi ya saa nzima likiwa na mtu mzima mmoja tu, naye ni dereva, macho barabarani. Uonevu mwingi hutafuta mahali pa namna hiyo: nyuma ya vyoo, kwenye foleni ya chakula, njiani. Kumpangia matroni mwingine kwa tripu ya pili siku hizo mbili ni uamuzi wa dakika kumi, na hauhitaji kwanza kuthibitisha nani alifanya nini. Mzazi aliyeandika "kila siku" angekuwa ameufuta ushahidi huo kwa mkono wake.

Barua kama hii huharibiwa kwa urahisi baada ya kutumwa. Njia ya kwanza ni kuibandika kwenye grupu la wazazi la WhatsApp. Kabla ya jioni utoto wa watu wawili umejadiliwa na watu wengi, wazazi wao wamejibu, na shule sasa inazima moto badala ya kuchunguza basi. Njia ya pili ni kumpelekea nakala Afisa Elimu siku ileile ya kwanza. Ni haki ya mzazi, lakini mwalimu mkuu aliyepelekwa juu kabla hajapewa nafasi atakujibu kwa lugha ya ofisi. Mpe hiyo tarehe uliyoitaja. Ikipita bila jibu, mwandikie mistari miwili ya kumkumbusha, kisha ndipo uende kwa kamati au bodi ya shule, na baadaye kwa Afisa Elimu Kata, ukiwa na barua zote mbili mkononi.

Kuna hali ambazo ngazi hizo hazihusu. Mtoto akijeruhiwa vibaya, akidhalilishwa kingono, au akisema anataka kufa, barua pepe si njia. Nenda hospitali, na kwa majeraha ya kupigwa chukua fomu ya PF3 polisi. Aliye mahututi hutibiwa kwanza, fomu itafuata. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bila malipo.

Kwenye kikao, mwalimu mkuu pengine hatakwambia wale wavulana wamepewa adhabu gani. Wazazi hukasirishwa na hilo, wakati na wao wasingependa ya mtoto wao yasimuliwe kwa jirani. Unachoweza kudai ni kujua nini kimebadilika kwa mtoto wako: anakaa wapi kwenye basi, nani yupo naye, akimbiwe nani kama jambo likirudi, na lini mtaangalia tena kama limekoma. Jioni ya siku hiyo andika hayo kwa mistari mitano, umtumie mwalimu mkuu, umwombe akusahihishe palipo na kosa. Usifungue barua mpya. Bonyeza kujibu kwenye ileile ya tarehe 5 Machi, ili hata akihamishwa mwalimu mkuu huyo muhula ujao, atakayekalia kiti chake akute kila kitu chini ya kichwa kimoja cha barua, kuanzia mfuko wa shati.